Alama ya 68% Isiyojumlishika

Orodha ilikuwa imeshabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu pale mwalimu wa hisabati aliponiita. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya karatasi.

"Mwalimu, karatasi ya mtoto huyu niliisahihisha mimi mwenyewe. Alipata thelathini na moja. Amefaulu vipi?"

Nikatazama. Mbele ya jina palikuwa na 31%, na mbele ya 31% palikuwa na neno "Amefaulu". Kiwango tulichokubaliana kilikuwa asilimia hamsini. Mstari wa juu yake ulikuwa na 44%, naye amefaulu. Wa chini yake 68%, amefaulu. Katika wanafunzi 42 wa kidato cha pili, orodha yangu ilisema 40 wamefaulu na wawili tu hawakufaulu. Hao wawili walikuwa wagonjwa, hata mtihani hawakuufanya.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa taaluma, na orodha ile niliitengeneza kwa Excel. Fomula niliyoandika ilikuwa fupi na haikuwa na kosa. Nimeisoma tena mara nyingi tangu siku ile, na bado naiona sahihi:

```
=IF(C2>=50%,"Amefaulu","Hajafaulu")
```

Kosa lilikuwa ndani ya safuwima C yenyewe. Alama zilizoonekana kama asilimia hazikuwa namba. Yalikuwa maandishi: tarakimu mbili na alama ya asilimia, zimekaa kwenye seli kama vile jina la mtu linavyokaa. Jicho la mtu halioni tofauti, ila kompyuta inaiona.

Ili kuielewa tofauti hiyo, inabidi kujua asilimia ya kweli inavyohifadhiwa. Ukiandika 68% kwenye seli ya kawaida ya Excel, kinachowekwa ndani ni 0.68. Ile alama ya asilimia ni vazi tu, namna ya kuionyesha namba hiyo kwa msomaji. Ukilivua vazi hilo kwa kuchagua mwonekano wa General, utaona 0.68 yenyewe. Lakini 68% ikiwa ni maandishi, haina 0.68 yoyote ndani yake. Ina herufi tatu: 6, 8 na %. Ndiyo maana ukichagua mwonekano wa Percentage kutoka kwenye orodha hakibadiliki chochote. Kubadilisha mwonekano ni kubadilisha vazi, na maandishi hayana namba ya kuvalishwa.

Sasa rudi kwenye fomula yangu. Excel inapoambiwa ilinganishe maandishi na namba, haikatai wala haionyeshi kosa. Ina kanuni yake: maandishi yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo swali "je, 31% ni kubwa kuliko au sawa na 0.5?" lilijibiwa ndiyo. Hata ningeandika neno "embe" kwenye seli ile, lingefaulu. Zile seli mbili tupu za wagonjwa, kwa upande wake, zilihesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko nusu, ndipo wakaandikiwa "Hajafaulu". Matokeo yakawa na sura ya kuaminika: wengi wamefaulu, wachache wameanguka. Kama ningeona alama za kosa zimejaa safuwima nzima, nisingebandika chochote.

Dalili zilikuwepo, nami sikuzitafuta. Namba zikiachwa bila kupangwa upande, Excel huzisogeza kulia mwa seli, na maandishi huyasogeza kushoto. Mimi nilikuwa nimeiweka safuwima yote katikati ili karatasi ipendeze, na kwa kufanya hivyo nikaifuta dalili ya kwanza. Mara nyingi pia hutokea kipembe cha kijani kwenye kona ya juu kushoto ya seli, kuonya kwamba hiyo ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi. Lakini onyo hilo mtu anaweza kulizima. Dalili ninayoiamini leo ni ya kuhesabu:

```
=COUNT(C2:C43)
```

COUNT huhesabu namba peke yake. Nilitegemea ijibu 40, yaani wanafunzi 42 ukiondoa wagonjwa wawili. Ikajibu 2.

Jibu hilo la 2 lilinieleza jambo jingine, lililokuwa limenidanganya zaidi ya lile la kwanza. Wastani wa darasa kwenye orodha ulikuwa umeandikwa 89.5%, na mimi nikadhani mtihani ulikuwa mwepesi. AVERAGE, kama SUM, ikipewa safuwima huyaruka maandishi bila kusema neno. Ilizikuta namba mbili za kweli, 91% na 88%, ikazigawa kwa mbili. Wanafunzi wengine 38 hawakuingia kabisa kwenye wastani. Kama namba hata moja isingekuwepo, ningepata `#DIV/0!` na ningestuka. Hizo mbili zilitosha kuificha hitilafu. Na ningejaribu kuhesabu waliofaulu kwa `=COUNTIF(C2:C43,">=50%")` ningeambiwa ni 2, wakati IF inasema 40. Fomula mbili, faili moja, majibu yasiyokaribiana. Inachanganya zaidi kwamba `=C2+C3` ingetoa jumla sahihi, kwa sababu alama za hesabu kama + na * hujaribu kuyageuza maandishi kuwa namba kabla ya kuhesabu, jambo ambalo SUM haifanyi ikipewa safuwima.

Nikakaa chini kutafuta alama zile zilikotoka. Safuwima moja ilikuwa na vyanzo vitatu. Wanafunzi 35 alama zao zilitoka kwenye mfumo wa shule, ambao hutoa faili kwa ajili ya kusomwa na kuchapishwa, hivyo huandika asilimia kama maandishi. Watatu walikuwa wamehamia kwetu, na matokeo yao ya mtihani wa pamoja yalikuja katika PDF kutoka shule walikotoka. Niliyanakili humo nikayabandika. Wawili walisahihishiwa upya baada ya kukata rufaa, na alama zao, 91 na 88, nilizichapa kwa mkono wangu. Hizo ndizo namba mbili za kweli. Na seli mbili za wagonjwa zilikuwa tupu.

Naeleza vyanzo hivi kwa sababu ndivyo vinavyoamua dawa. Safuwima yenye maandishi matupu ni rahisi kuitibu. Iliyochanganyika ndiyo huharibiwa na dawa ya haraka.

Dawa ya haraka watu wengi wanaijua: fungua Find and Replace, tafuta %, weka patupu, maliza. Kwenye seli za kawaida itakuachia 68, na hiyo ni namba kweli, lakini ni sitini na nane, si asilimia sitini na nane. Ukiivika mwonekano wa Percentage itasomeka 6800%. Na kama seli zimewekewa mwonekano wa Text, hata baada ya kuondoa alama zitabaki maandishi vilevile. Wengine huandika fomula ya kuondoa alama kisha kugawa kwa mia:

```
=SUBSTITUTE(C2,"%","")/100
```

Kwa maandishi ya 68% inatoa 0.68, sawasawa. Sasa ipeleke kwenye seli ya yule mwanafunzi wa 91, ambaye alama yake ni namba ya kweli. Ndani mna 0.91, bila alama yoyote ya kuondoa. Fomula itaigawa 0.91 kwa mia na kupata 0.0091, ambayo ikivikwa mwonekano wa asilimia bila desimali husomeka 1%. Mtoto aliyeongoza darasa anakuwa wa mwisho, na hakuna onyo lolote linalotokea.

Fomula inayofaa ni VALUE. Hiyo huyasoma maandishi kama ambavyo Excel ingeyasoma kama ungeyachapa upya: ikiona alama ya asilimia, inagawa kwa mia yenyewe. Ikipewa namba ya kweli inairudisha kama ilivyo. Maandishi 68% yanakuwa 0.68, na 0.91 inabaki 0.91. Nikaingiza safuwima mpya D pembeni, nikaandika `=VALUE(C2)`, nikabonyeza Enter, na seli ikanionyesha maneno `=VALUE(C2)`. Haikuhesabu. Safuwima mpya huweza kurithi mwonekano wa jirani yake wa kushoto, na safuwima C ilikuwa na mwonekano wa Text. Ukiona hivyo, iweke D kwenye General kwanza, kisha ingia ndani ya seli kwa F2 na ubonyeze Enter tena. Baada ya hapo fomula iliamka, nikaiburuta hadi D43.

Seli 35 za mfumo wa shule zikageuka. Zile mbili za mkono zikabaki sahihi. Seli tatu zikatoa `#VALUE!`. Nazo seli mbili za wagonjwa zikaandika 0.

Zile tatu zilikuwa za PDF. Kwa macho zilikuwa sawa na nyingine. Moja ilisomeka 64%, herufi tatu, lakini `=LEN(C17)` ikajibu 4. Kulikuwa na herufi ya nne isiyoonekana. Nikaiuliza ni nani kwa `=CODE(RIGHT(C17,1))`, ikajibu 160. Nafasi ya kawaida, ile tunayoiweka kwa kitufe kirefu cha chini, namba yake ni 32. Hii ya 160 ni nafasi isiyokatika, ambayo wapangaji wa kurasa huitumia ili maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. Inajaa kwenye kurasa za mtandao na katika nyaraka za PDF, na ukinakili inakuja nayo. Fomula TRIM, ambayo watu huikimbilia kuondoa nafasi, inaijua ile ya 32 tu. Hii inaiacha. Lazima itajwe kwa namba yake ndipo iondoke.

Zile sifuri mbili zilinitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hazikuonekana kama kosa. VALUE ikielekezwa kwenye seli tupu inatoa sifuri. Mwanafunzi aliyelazwa hospitalini anakuwa amepata 0%, na wastani wa darasa unashuka pamoja naye. Jumla ya alama 40 za kweli ilikuwa 22.88. Ukigawa kwa 40 unapata 57.2%. Ukigawa kwa 42, kwa sababu ya hizo sifuri mbili, unapata 54.5%. Karibu asilimia tatu zinapotea, na walioziondoa ni watoto ambao hawakugusa hata karatasi ya maswali.

Kwa hiyo fomula iliyomaliza kazi ikawa hii:

```
=IF(C2="","",VALUE(SUBSTITUTE(C2,UNICHAR(160),"")))
```

Isome kuanzia kushoto. Seli ikiwa tupu, acha patupu. Ikiwa na kitu, kwanza ondoa nafasi isiyokatika, kisha geuza kilichobaki kuwa namba. UNICHAR ipo kuanzia Excel ya 2013. Kwenye toleo la zamani zaidi la Windows, `CHAR(160)` hufanya kazi hiyohiyo.

Kuna kishawishi cha kuizungushia fomula hii IFERROR ili makosa yageuke sifuri na safuwima iwe safi. Nakusihi usifanye hivyo. `#VALUE!` ni msaidizi wako. Inakuonyesha seli ambayo Excel imeshindwa kuisoma, labda kwa sababu mtu ameandika "hayupo" au ameweka herufi O badala ya sifuri. Ukiifunika kwa sifuri, umempa mtu alama ambayo hakuipata.

Nilipofika hapo nikadhani nimemaliza. Nikaielekeza fomula yangu ya kufaulu kwenye safuwima D, na waliopata chini ya nusu wakaandikiwa "Hajafaulu" kama inavyostahili. Yule wa 31% akakaa mahali pake. Halafu nikatazama wale wagonjwa wawili. Wote wawili: "Amefaulu".

Ilinichukua muda kuelewa. Zile alama mbili za nukuu zisizo na kitu kati yake, `""`, kwa Excel si utupu. Ni maandishi yenye urefu wa sifuri. Na maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote. Kosa lilelile la asubuhi lilikuwa limerudi kwa mlango mwingine. AVERAGE na COUNT ziliwaruka wagonjwa vizuri, kwa kuwa zinaruka maandishi, lakini ulinganisho haukuwaruka. Tangu hapo, ulinganisho wowote wa alama ninaanza nao kwa kuuliza kama kilichomo ni namba:

```
=IF(ISNUMBER(D2),IF(D2>=50%,"Amefaulu","Hajafaulu"),"Hakufanya")
```

Nadhani hata mtu ambaye hatasafisha safuwima yake angefaidika na fomula hii. Ningekuwa nayo tangu mwanzo, orodha yangu ya kwanza ingejaa "Hakufanya" mara 40, na hakuna mwalimu ambaye angeibandika ukutani.

Hatua ya mwisho ni kuifanya D ijitegemee. Mpaka hapo bado ni fomula inayoitazama C, na ukiifuta C kila kitu kinavunjika. Chagua D2 hadi D43, nakili, kisha hapohapo tumia Paste Special na uchague Values. Fomula zinaondoka, namba zinabaki. Ndipo uivike mwonekano wa Percentage, na 0.68 iliyokuwa inawatia watu hofu inasomeka 68%. Safuwima C ya asili mimi siifuti. Naificha au naihamishia ukurasa mwingine wa faili, kwa sababu mzazi akija kuuliza, nataka kumwonyesha alama ilivyofika.

Kisha kagua. `=COUNT(D2:D43)` ilipaswa kujibu 40, ikajibu 40. `=MAX(D2:D43)` ikatoa 91% na MIN ikatoa 9%. MAX ni kipimo kizuri: ikisomeka 6400% au 7200%, kuna mtu aliandika 64 au 72 bila alama ya asilimia, na VALUE ikaisoma kama ilivyoandikwa. Hapo hakuna fomula itakayokuokoa, maana kwenye safuwima iliyochanganyika 0.5 inaweza kuwa nusu nzima au nusu ya asilimia moja. Inabidi umuulize aliyeandika.

Njia fupi ipo pia, kwa safuwima ambayo una hakika yote ni maandishi masafi. Ichague, nenda Data, bonyeza Text to Columns, na bila kubadilisha kitu bonyeza Finish. Excel inaisoma upya kila seli na kuigeuza palepale, na seli tupu zinabaki tupu kweli. Naipenda kwa kazi ndogo. Lakini haiondoi ile nafasi ya 160, na inaandika juu ya data yako ya asili, hivyo fanya nakala ya faili kwanza.

Kuna jambo moja ambalo halikuwepo kwenye faili langu lakini litawakuta wenzetu wanaopokea orodha kutoka Kongo au Burundi. Kule, kwa desturi ya uandishi wa Kifaransa, desimali hutengwa kwa mkato: 72,5% badala ya 72.5%. VALUE husoma kwa kufuata mipangilio ya kompyuta iliyo mbele yako, na kompyuta iliyozoea nukta haiuelewi mkato huo kama desimali. Hapo tumia NUMBERVALUE, ambayo unaiambia wazi kwamba desimali ni mkato na maelfu ni nukta:

```
=NUMBERVALUE(C2,",",".")
```

Inaielewa alama ya asilimia kama VALUE, na 72,5% inakuwa 0.725 kwenye kompyuta yoyote. Iongezee ulinzi uleule wa seli tupu, maana nayo ikipewa patupu inatoa sifuri.

Orodha mpya tuliibandika mchana uleule: 27 wamefaulu, 13 hawajafaulu, wawili hawakufanya, wastani 57.2%. Mwalimu wa hisabati aliisoma mstari kwa mstari kabla hajaniruhusu kupiga pini. Wiki iliyofuata wagonjwa wawili walirudi wakafanya mtihani wao, mmoja akapata 58 na mwingine 46. Nikachapa 58 kwenye seli yake, na kwa kuwa safuwima sasa ilikuwa ya asilimia za kweli, Excel ikaongeza alama yenyewe. Nikachapa 46 kwenye ya pili. COUNT ikawa 42, waliofaulu wakawa 28, na wastani ukasogea wenyewe hadi 57.0%.